Gawio Nono, Bei Inayoporomoka

Tarehe 14 Mei 2019, kampuni ya simu ya Vodafone ya Uingereza ilitangaza kwamba gawio lake la mwaka linashuka kutoka senti 15.07 za euro kwa hisa hadi senti 9. Kwetu Afrika Mashariki jina hilo si geni: Vodafone ndiyo mzazi wa Vodacom, na mkono wake ulikuwapo M-Pesa ilipozaliwa Kenya mwaka 2007. Aliyekuwa na hisa 1,000 alizoea kupokea euro 150 na senti 70 kwa mwaka. Sasa angepata euro 90. Wengi wao walikuwa wamezinunua hisa hizo kwa sababu moja tu, kwamba zilikuwa zinalipa kuliko karibu hisa nyingine zote kubwa za London.

Wawekezaji hao walitazama kiwango cha gawio. Hesabu yake ni nyepesi: chukua gawio la mwaka, ligawanye kwa bei ya hisa sokoni, upate asilimia. Mwanzoni mwa 2018 hisa ya Vodafone iliuzwa kama peni 235, na gawio lake, likibadilishwa kuwa pesa za Uingereza, lilikuwa kama peni 13. Hiyo ni asilimia 5.5. Siku chache kabla ya tangazo la Mei 2019, gawio lilikuwa bado peni 13 zilezile, lakini bei ilikuwa imeanguka hadi kama peni 135. Kiwango kikawa asilimia 9.6.

Hapo ndipo mtu hudanganyika. Asilimia ilikaribia kuongezeka maradufu ilhali kampuni haikuwa imeongeza kitu cha maana. Kilichobadilika ni bei. Kwa hiyo ukiona kiwango kikubwa, swali la kwanza ni hili: je, gawio limepanda, au bei imeshuka? Likipanda gawio kwa sababu faida imekua, hiyo ni neema. Ikishuka bei peke yake, kuna watu wanaouza, na hawauzi bila sababu.

Sababu yao hutafutwa kwenye hesabu ya pili, uwiano wa gawio na faida. Hapa bei ya sokoni haihusiki kabisa. Unachukua gawio la hisa moja na kuligawanya kwa faida ya hisa moja, takwimu ambayo kila kampuni iliyoorodheshwa huichapisha katika taarifa yake ya mwaka. Kiwango cha gawio hukuambia unapata nini kwa pesa uliyonunulia hisa. Uwiano hukuambia kampuni inalitoa wapi gawio hilo.

Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2018, faida ya Vodafone kwa hisa, baada ya kuondoa mambo ya mara moja, ilikuwa senti 11.59 za euro. Gawio lilikuwa 15.07. Gawanya, utapata asilimia 130. Ni sawa na mwenye duka aliyepata faida ya shilingi 100,000 kwa mwezi akagawia nyumbani 130,000. Hizo 30,000 za juu zimetoka mahali: kwenye akiba, kwa mkopeshaji, au kwenye pesa iliyokuwa ya kununulia mzigo mpya. Mwezi mmoja haitamuua. Akifanya hivyo miaka mitatu, rafu zitaanza kuonyesha mapengo.

Lakini tusimhukumu mwenye duka haraka. Faida ya vitabuni si fedha taslimu. Kampuni ya simu hukata kila mwaka gharama kubwa za uchakavu wa minara na za kampuni ilizonunua zamani, ingawa hakuna noti inayotoka mlangoni mwaka huo. Ndiyo maana Vodafone na watetezi wake walisema: tazameni fedha zinazoingia. Na kweli, kabla ya kulipia masafa ya mawasiliano, kampuni ilibakiwa na kama euro bilioni 5.4 kwa mwaka, na gawio lilimeza kama bilioni 4. Kwa kipimo hicho uwiano ni chini kidogo ya robo tatu. Unapumua.

Tatizo limo katika maneno “kabla ya kulipia masafa”. Kampuni ya simu bila masafa ni kama daladala bila leseni ya njia. Mwaka 2018 Vodafone ilishinda masafa ya 5G nchini Italia kwa ahadi ya kulipa euro bilioni 2.4, na mnada wa Ujerumani ulikuwa unakuja. Tena ilikuwa imekubali kununua biashara za Liberty Global huko Ujerumani na Ulaya Mashariki kwa thamani ya euro bilioni 18.4, huku tayari ikiwa na deni la kama bilioni 27. Ukiyaweka yote kwenye meza moja, ile nafasi ya kupumua inatoweka. Hivyo hesabu ya tatu ni hiyo: gawio lote likilinganishwa na fedha taslimu zinazobaki baada ya gharama zisizokwepeka, kisha ukitazama deni lililo mbele.

Dalili nyingine ilikuwa katika maneno ya wakubwa. Mei 2018 kampuni iliongeza gawio kwa asilimia 2. Novemba mwaka huohuo, bosi mpya Nick Read alisema gawio litabaki palepale hadi deni lipungue. Wengi walisikia “litabaki”, lakini uzito ulikuwa kwenye “hadi deni lipungue”. Miezi sita baadaye likakatwa.

Si kila asilimia kubwa ni kengele ya hatari. Safaricom kwa mwaka ulioishia Machi 2019 ililipa shilingi 1.25 kwa hisa, pamoja na gawio maalumu la senti 62. Mwaka uliofuata ililipa 1.40. Aliyejumlisha 1.25 na 0.62 aliona punguzo, kumbe gawio la kawaida lilikuwa limepanda. Gawio maalumu liondoe kabla ya kupiga hesabu. Vilevile, mifuko ya majengo ya Marekani hulazimika kisheria kugawa walau asilimia 90 ya mapato yanayotozwa kodi, kwa hiyo uwiano mkubwa kwao ni kawaida ya kazi. Na mwaka kampuni inapopata hasara kwa kushusha thamani ya mali vitabuni, uwiano wa mwaka huo mmoja hauna maana. Pitia miaka mitatu au minne na fedha taslimu.

Sasa rudi kwa yule aliyenunua kwa peni 135 akiwaza asilimia 9.6. Senti 9 za euro wakati ule zilikuwa kama peni 7.8. Zigawanye kwa 135: asilimia 5.8, karibu sawa na ile ya mwanzoni mwa 2018. Yaani soko lilikuwa limeshalikata gawio kichwani mwake na kuipanga bei kulingana na hilo, kabla bodi haijafungua mdomo. Machi 2024, kiwango kikiwa tena juu ya asilimia 10, Vodafone ilitangaza kukata zile senti 9 hadi 4.5.