Zamu ya Seva: Kimya Kipi Kikuamshe?

Mgeni wa zamu ya kulinda seva hufundishwa kengele kwanza: simu ikilia, fungua kompyuta. Kinachosahaulika ni kazi zinazojiendesha zenyewe kwa ratiba. Zikifanikiwa hunyamaza, na baadhi hunyamaza vilevile zinaposhindwa.

Kampuni ya GitLab, inayowahifadhia watu programu zao, iliyaona hayo tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi alifuta kwa bahati mbaya data za hifadhidata kuu, akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Walipokimbilia nakala rudufu za kila siku wakakuta ghala tupu. Programu ya kunakili, `pg_dump`, ilikuwa toleo la 9.2 na hifadhidata toleo la 9.6, nayo hukataa kunakili hifadhidata iliyo mpya kuliko yenyewe. Kila ilipogoma ilituma barua pepe, lakini barua hizo zilikataliwa kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi huyohuyo alikuwa ameichukua kwa mkono yapata saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Kwa hiyo kimya cha nakala rudufu hakiaminiki. Tazama faili lenyewe, tarehe na ukubwa wake:

```
ls -lht /var/backups/db | head -4
```

Likiwa la jana ni gigabaiti 40 na la leo kilobaiti 2, mwamshe mwenye kazi hiyo usiku huohuo. Ila kagua saa kwanza. Seva nyingi hufuata UTC, na ratiba ya `0 2 * * *` kwa Nairobi au Dar es Salaam ni saa kumi na moja alfajiri. Anayetafuta faili saa tisa usiku hatalikuta, na hakuna kilichoharibika.

Certbot, inayohuisha vyeti vya usalama vya tovuti, ni kinyume chake. Kwa kawaida huamka mara mbili kwa siku na kulala tena bila kufanya kitu, kwa kuwa cheti cha siku 90 huhuishwa zikibaki kama 30. Miezi miwili ya kimya ni hali yake ya kawaida. Endesha `certbot certificates` usome siku zilizobaki: zikiwa 20, kuna kitu kimekwama, lakini kinaweza kungoja asubuhi, zikiwa mbili, usilale. Usafishaji wa faili za muda ukikosa usiku mmoja, uache. Wa kesho utazoa za siku zote mbili, mradi diski ina nafasi.

Timu nyingi sasa huitaka kazi itoe taarifa inapofanikiwa, na kengele ilie taarifa hiyo isipofika. Hapo pana mtego:

```
pg_dump duka | gzip > duka.gz && ./taarifa.sh
```

`pg_dump` ikishindwa, `gzip` bado itafaulu kubana utupu, na taarifa ya mafanikio itatumwa. Katika Bash, weka `set -o pipefail` mwanzoni mwa hati.