Karatasi Kwanza, Ramani Baadaye

Ramani nyingi zinazobandikwa kwenye kuta za ofisi zetu zina skeli isiyo ya kweli. Pale chini pameandikwa 1:250,000, lakini ukipima kwa rula na kupiga hesabu, unapata umbali usiolingana na ule wa ardhini. Mara nyingi mchoraji hakukosea kuchora. Tatizo ni kwamba ramani ilipangwa kwa karatasi moja ikachapishwa kwa nyingine.

Tuchukue kisiwa cha Unguja. Urefu wake kutoka kaskazini hadi kusini ni takriban kilomita 85, na upana kama 39 panapozidi. Tunataka kikae kwenye karatasi moja ya A3 iliyosimamishwa, ambayo ni milimita 297 kwa 420. Printa nyingi haziwezi kuchapa hadi ukingoni, kwa hiyo acha sentimita moja kila upande. Kichwa cha ramani kikichukua sentimita nne juu, urefu unaobaki ni sentimita 36. Kwa skeli ya 1:200,000 kisiwa kingehitaji sentimita 42.5, nacho hakitaenea. Kwa 1:250,000 kinahitaji sentimita 34. Kinaenea, na ubavuni inabaki nafasi ya kutosha kuweka ufunguo. Hesabu hii ifanyike kwa kalamu kabla ya kugusa kompyuta.

Katika QGIS, programu ya bure inayotumiwa sana kwa kazi hii, mradi uwekwe kwanza kwenye mfumo wa EPSG:32737, ambao hupima kwa mita na unafaa kwa Unguja. Kisha fungua New Print Layout. Ukurasa utakaotokea huwa ni A4 iliyolala, basi ubofye kitufe cha kulia, ingia Page Properties, chagua A3 na Portrait. Ndipo uchore fremu ya ramani, na kwenye kisanduku cha Scale uandike 250000 mwenyewe. Usikadirie kwa macho. Na ukishaandika, jihadhari na gurudumu la kipanya: ukilizungusha wakati unasogeza ramani ndani ya fremu, skeli inahama na kuwa namba isiyo na maana, kama 237,641.

Skeli ya mstari huongezwa kwa Add Scale Bar. Chagua kilomita, kila kipande kiwe kilomita 5, na vipande viwe vinne kulia mwa sifuri. Mstari wote ni kilomita 20, nao utakuwa na urefu wa sentimita 8 kamili. Kushoto mwa sifuri weka 0, maana vipande vya upande huo huwachanganya wasomaji wengi. Skeli ya uwiano nayo usiichape kama maandishi ya kawaida. Ongeza skeli ya pili, uchague mtindo wa Numeric, ili namba ifuate ramani yenyewe endapo itabadilika.

Ufunguo ndio unaofanywa kwa haraka kuliko vyote, nao ndio msomaji huutazama kwanza. Programu hubeba majina ya mafaili jinsi yalivyo, na hapo mtu hukuta "barabara_mwisho2" mahali pa "Barabara ya lami". Ondoa alama ya Auto update, kisha andika majina ya kueleweka na uondoe picha ya satelaiti, ambayo haihitaji maelezo. Ila kumbuka kwamba kuanzia hapo tabaka lolote jipya utakaloongeza halitaingia kwenye ufunguo mpaka uliweke wewe. Chapa pia nakala moja ya rangi nyeusi na nyeupe. Kijani cha msitu wa Jozani na buluu ya bahari vinaweza kutoka kijivu kile kile, na ufunguo ukawa hausaidii. Msitu ukipewa mistari au vidoto, tatizo limekwisha.

Sasa uchapishaji, ambapo kazi nzuri huharibika. Toa faili la PDF, upeleke steshenari. Mashine ikiwa na A4 tu na mhudumu akiacha chaguo la Fit, ramani yako inapunguzwa hadi karibu asilimia 71. Mstari wa kilomita 20 unakuwa sentimita 5.7 badala ya 8, lakini bado unasema kweli, kwa sababu umepungua pamoja na kisiwa. Namba 1:250,000 haipungui. Inabaki pale pale ilhali skeli halisi imekuwa karibu 1:354,000, na atakayeitegemea atadhani kilomita 14 ni 10. Ndiyo maana ramani itakayotolewa fotokopi haifai kukosa skeli ya mstari.

Mwambie mhudumu achague A3 na Actual size. Karatasi ikitoka, weka rula juu ya mstari kabla hujalipia nakala nyingine: usipofika sentimita 8, irudishe ichapwe upya.