Hela zako zinakaa siku 14 kwa msafirishaji? Omba kipengele kimoja kibadilishwe, kwa barua pepe

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuongelee kipengele kimoja tu cha mkataba. Ni kile kinachosema kampuni ya kusafirisha mizigo itakurudishia lini hela ilizokusanya kwa wateja wako.

Wengi wetu tunauza kwa mtindo wa "lipa ukipokea". Boda anapeleka mzigo, mteja analipa, hela inakaa kwa kampuni kwanza, halafu baadaye ndo inakuja kwako. Hiyo "baadaye" imeandikwa kwenye mkataba, na ukiomba vizuri inaweza kubadilishwa. Mimi nauza vyombo vya jikoni hapa Dar, na nitawaonyesha barua niliyoandika na majibu niliyopata.

Kwanza soma kipengele chenyewe

Kabla ya kuandika, tafuta mambo matatu: idadi ya siku, aina ya siku, na siku zinaanza kuhesabiwa lini. "Siku 14" na "siku 14 za kazi" ni vitu viwili tofauti, kwa sababu siku 14 za kazi zinakaribia wiki tatu. Na "siku 7 baada ya mwisho wa mwezi" inasikika nzuri, lakini mzigo uliofika tarehe 2 utaulipwa mwezi unaofuata.

Mkataba wangu ulisema, kipengele 6.2: "Fedha zilizokusanywa zitalipwa kwa Muuzaji ndani ya siku 14 baada ya mzigo kufikishwa." Na wao walikuwa wanalipa siku ya 14 kamili, hawakosei.

Piga hesabu ya hela iliyolala

Nikiwa na mzigo dukani, natuma oda kama 10 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kila moja kwa wastani wa shilingi 35,000. Hiyo ni 350,000 kwa siku, yaani 2,100,000 kwa wiki. Wiki mbili ni 4,200,000. Hela hiyo ni yangu, lakini muda wote iko mikononi mwa mtu mwingine.

Mimi naenda Kariakoo kununua mara moja kwa wiki, na safari moja inakula kama 1,400,000. Kwa hiyo hela iliyolala ni safari tatu za Kariakoo. Mwezi mmoja nilihesabu siku 5 ambazo oda zilikuwepo lakini sikuwa na vyombo vya kutuma.

Shika hizo siku 5, maana ndo sababu yenyewe. Ukimwandikia mtu "mtaji wangu mdogo, naomba mnisaidie", umemwomba huruma. Ukimwonyesha kwamba siku 5 ni mizigo 50 ambayo haikupita kwake, na kila mzigo yeye anachukua 5,000 ya usafiri, basi unaongelea 250,000 aliyoikosa yeye. Hapo mnatatua tatizo la wote wawili.

Jiulize kwa nini wanazishika

Wala si roho mbaya. Boda wanarudisha hela kwa nyakati tofauti, na mhasibu lazima alinganishe kila mzigo na kila malipo. Halafu kuna mteja anayelipa leo, kesho anasema sufuria imepasuka anataka hela yake. Kama kampuni imeshakulipa wewe, itabidi ikufuate. Na kila ikituma hela kuna makato.

Ukiyajua hayo, barua yako inaweza kuja na majibu yake humohumo. Hii hapa niliyotuma:

> Kichwa: Ombi la kubadilisha kipengele 6.2 (siku ya kulipa fedha za wateja)
>
> Habari za leo Dada (jina),
>
> Nashukuru kwa kazi yenu. Wateja wangu wanasifu sana kwamba boda wenu wanapiga simu kabla ya kufika, na ningependa tuendelee pamoja.
>
> Naomba tubadilishe jambo moja katika mkataba wetu, kipengele 6.2. Kwa sasa fedha zinalipwa ndani ya siku 14 baada ya mzigo kufikishwa. Napendekeza kisomeke hivi: "Fedha zilizokusanywa kwa mizigo iliyofikishwa Jumatatu hadi Jumamosi zitalipwa kwa Muuzaji kwa mkupuo mmoja siku ya Jumanne inayofuata."
>
> Sababu ni kwamba nanunua bidhaa kila Jumatano. Mwezi uliopita niliishiwa bidhaa kwa siku 5 huku fedha za mauzo zikiwa bado hazijafika. Kwa wastani wangu hiyo ni mizigo 50 ambayo ningeipitisha kwenu.
>
> Natambua kuna kazi ya kulinganisha hesabu na kuna hatari ya bidhaa kurudishwa. Kwa hiyo niko tayari makato ya kutuma fedha yawe juu yangu, na shilingi 150,000 zangu zibaki kwenu kama akiba ya kufidia marejesho. Tunaweza kujaribu kwa wiki 8, kisha tukae tuangalie.
>
> Je, hili linawezekana upande wenu? Kama kuna ugumu, naomba unieleze uko wapi ili tutafute njia. Nitashukuru nikipata jibu kabla ya Ijumaa ijayo.
>
> Wako katika biashara,
> (jina na namba ya mteja)

Angalia vitu vichache hapo. Nimeandika maneno mapya ya kipengele mwenyewe, tayari kunakiliwa. Ukisema "naomba mlipe mapema zaidi", atakayepokea ataanza kufikiri mapema ni lini, na barua italala. Ukimpa sentensi iliyokamilika, anaipeleka kwa bosi wake kama ilivyo.

Pia sikugusa kingine. Bei yao ya usafiri ningetamani ishuke, na fidia ya mzigo unaopotea ni ndogo. Lakini ukiweka matatu kwenye barua moja, watakupa lile jepesi kwao na kuona wamekusaidia. Na kama una dai la mzigo uliopotea, limalize kwenye barua yake. Ukilichanganya na ombi, ombi litasomeka kama ugomvi.

Walijibu nini

Baada ya siku tatu waliniandikia: kila wiki haiwezekani, wanaweza kushusha kuwa siku 10. Hapo wengi tungesema asante tukafunga. Siku 10 ni bora kuliko 14, kweli, lakini hela ingeendelea kuja kidogokidogo, bila siku maalum ya kupangia safari ya Kariakoo.

Nikawajibu kwa mistari michache: "Nashukuru kwa kulifikiria. Naomba nielewe, ugumu uko kwenye kulipa kila wiki au kwenye siku ya Jumanne?" Jibu likaja kwamba wahasibu wao wanamaliza kulinganisha hela za boda Jumatano. Kumbe shida ilikuwa siku tu! Nikapendekeza Alhamisi, na mimi nikahamisha ununuzi wangu kwenda Ijumaa. Wakakubali, kwa sharti kwamba nitume angalau mizigo 40 kwa wiki.

Sharti hilo nilikubali na nikaomba kulifafanua: nikishuka chini ya 40 kwa wiki mbili mfululizo, ndo turudi kwenye siku 14. Maana wiki moja ya sikukuu au ya mvua isinirudishe nyuma. Wakasema sawa.

Sasa hesabu inakaaje? Alhamisi baada ya kulipwa, kilichobaki kwao ni mauzo ya Jumatatu hadi Jumatano tu, yaani 1,050,000, pamoja na ile akiba ya 150,000. Jumatano usiku, kabla ya malipo, mauzo yaliyoko kwao yanafika 3,150,000. Zamani ilikuwa 4,200,000 kila siku ya Mungu.

Usiishie kwenye "sawa"

Hapa ndipo wengi wanaumia. Mtu wa mauzo anakwambia "usijali, tumekubaliana", kisha mhasibu anaendelea na siku 14 kwa sababu yeye anafuata mkataba alionao mezani.

Tanzania tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na makubaliano hayakosi nguvu kwa sababu tu yamefanywa kielektroniki. Lakini mikataba mingi ina kipengele kinachosema mabadiliko yoyote lazima yaandikwe na kusainiwa na pande zote mbili. Kitafute, mara nyingi kiko kurasa za mwisho. Kama kipo, omba nyongeza ya mkataba, ukurasa mmoja unatosha. Iwe na namba ya kipengele, maneno mapya, tarehe ya kuanza, na saini ya mtu mwenye mamlaka, si ya mtu wa mauzo tu.

Kwenye nyongeza yangu niliomba mistari miwili zaidi ya tuliyokubaliana. Wa kwanza: Alhamisi ikiwa sikukuu, malipo yafanyike siku ya kazi inayofuata. Wa pili: ile 150,000 ni mali yangu, na mkataba ukiisha irudishwe ndani ya siku 14. Usipoandika hilo, akiba inageuka kuwa sadaka.

Halafu fuatilia Alhamisi ya kwanza. Chukua orodha ya mizigo iliyofika Jumatatu hadi Jumamosi, toa gharama zao, linganisha na kilichoingia. Kikiwa pungufu, andika siku hiyohiyo, taja namba za mizigo isiyolipwa na uambatishe nyongeza. Ukinyamaza wiki nne, watajua hufuatilii.

Lini njia hii haifai

Kama ulijiunga kwa kubonyeza "nakubali" kwenye aplikesheni kubwa yenye masharti yaleyale kwa kila muuzaji, mara nyingi hakuna wa kujadiliana naye. Soma tu uamue kama unaweza kuishi nayo. Na kama unatuma mizigo 5 kwa wiki, kulipwa kila wiki kutawapa kazi kuliko faida. Omba kitu cha ukubwa wako, mfano kutoka siku 14 kwenda 10, na utaje idadi ya mizigo ambayo ukiifikia mtaongea tena.

Leo jioni fungua mkataba wako, tafuta hicho kipengele, na zidisha mauzo yako ya siku kwa siku za kazi ambazo hela inasubiri. Namba utakayoipata ndo itakwambia kama barua hii inastahili kuandikwa.