Kishikwambi kinapolia "kachaa" mtoto akisoma: namna ya kuuzima mlio huo

Mtoto wa darasa la kwanza au la pili akirudi nyumbani na kusema, "Mwalimu ananipiga picha nikikosea kusoma," mzazi ana haki ya kushtuka. Lakini kabla ya kufunga safari kwenda shuleni, iwe ni Nachingwea au Ruangwa, inafaa kujua jambo moja: kishikwambi kinaweza kutoa mlio wa kamera bila kamera kufanya kazi kabisa.

Vifaa hivi si vigeni tena katika shule za Mkoa wa Lindi, kama ilivyo kwingine nchini. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali iliamua kuwa vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa vigawiwe kwa walimu wa shule za umma. Mwalimu sasa anaweza kufungua kitabu cha kiada kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kuandika alama na kuwasiliana na wazazi, vyote kwenye kifaa kimoja.

Kazi ndogo anayoifanya mara nyingi ni kunasa skrini, yaani kuhifadhi kama picha kile kinachoonekana kwenye kioo. Akiwa mahali penye mtandao ananasa ukurasa wa kitabu ili autumie kesho darasani, ambako mtandao huenda ukasumbua. Na kila anaponasa, kifaa kinalia "kachaa".

Mlio ulioazimwa

Katika kamera za zamani, sauti hiyo ilitoka kwenye kilango kidogo kilichofunguka na kujifunga ili mwanga uifikie filamu. Simu na vishikwambi havina kilango cha aina hiyo. Mlio wake ni sauti iliyorekodiwa, inayochezwa ili mtumiaji ajue kwamba picha imepatikana. Waliotengeneza mfumo wa Android waliitumia sauti hiyohiyo ya kamera kwa kunasa skrini pia. Ndiyo maana mtoto hawezi kutofautisha: anachosikia ni sauti ya kupigwa picha, na kifaa kimeelekezwa upande wake.

Chukua mfano wa kipindi cha kusoma darasa la pili. Darasa limetulia, na watoto wanaitwa mmoja mmoja mbele kusoma aya fupi. Kishikwambi kimesimamishwa mezani na mwalimu anajaza jedwali: nani amesoma silabi zote, nani amekwama wapi. Kila mtoto anapomaliza, mwalimu ananasa skrini ili jioni amtumie mzazi matokeo ya mwanawe peke yake. Darasa likiwa na watoto 40, hiyo ni milio 40 katika ukimya. Waliokaa wanainua vichwa kila mara. Aliyesimama mbele anajua mlio unakuja mara tu baada ya kosa lake la mwisho, na kesho yake anasoma kwa sauti ya chini zaidi, au anakataa kabisa. Mwalimu anaandika kwamba mtoto hajui kusoma, kumbe anaogopa picha.

Kwa nini kupunguza sauti hakusaidii

Wengi hubonyeza kitufe cha kupunguza sauti kilicho ubavuni mwa kifaa mpaka mstari uishe, kisha wanashangaa mlio ukitoka kama kawaida. Sababu ni kwamba kishikwambi hakina sauti moja. Kina mistari kadhaa ya sauti inayojitegemea: wa muziki na video, wa mlio wa simu na taarifa, na wa kengele ya kuamsha. Katika matoleo ya Android ya miaka ya karibuni, kitufe cha ubavuni kwa kawaida hugusa mstari wa muziki na video. Mlio wa kunasa skrini uko upande wa pili, pamoja na mlio wa simu na taarifa.

Hilo lina faida yake. Mwalimu anaweza kuuzima mlio wa kunasa skrini na bado akawachezea watoto hadithi au wimbo kwa sauti kubwa, kwa sababu hadithi inapita kwenye mstari mwingine.

Hatua za kuuzima

Hatua hizi zinafanya kazi pia kwenye kishikwambi au simu ya nyumbani, kwa mzazi anayenasa kazi za shule usiku wakati mdogo wake mwanafunzi amelala.

1. Fungua "Settings". Kwenye kifaa kilichowekwa Kiswahili imeandikwa "Mipangilio".

2. Juu kabisa kuna kisanduku cha kutafutia. Andika "screenshot", au "picha ya skrini" kama kifaa ni cha Kiswahili. Baadhi ya watengenezaji wameweka swichi ya mlio huu peke yake, kwa jina kama "Screenshot sound". Ukiiona, izime, na kazi imekwisha. Hii ndiyo njia bora, kwa sababu simu na ujumbe vitaendelea kulia kama kawaida.

3. Usipoiona swichi hiyo, rudi kwenye "Settings" na uingie sehemu ya sauti, inayoitwa "Sound" au "Sound & vibration". Tafuta mstari wa mlio wa simu, "Ring volume", au wa taarifa, "Notification volume". Uvute mpaka mwisho kushoto. Mstari wa "Media volume" uache ulivyo.

4. Kifaa chenye mota ya mtetemo kinaweza kuhamia kwenye mtetemo mstari huo unapofika sifuri. Kikiwa juu ya meza ya mbao, mtetemo huo unasikika kuliko mlio wenyewe. Katika sehemu hiyohiyo ya sauti chagua ukimya kamili, "Silent" au "Mute", badala ya "Vibrate".

Kwa wachache wenye aipadi, njia ni fupi: telezesha kidole kutoka pembe ya juu kulia kushuka chini, kisha gusa alama ya kengele ili ipigwe mstari. Kama kengele haionekani hapo, hali ya ukimya hutafutwa ndani ya "Settings", sehemu ya "Sounds".

Wapo wanaokimbilia hali ya "Do Not Disturb", kwa Kiswahili "Usinisumbue". Hiyo imetengenezwa hasa kuzuia simu na ujumbe, na vifaa havifanani katika namna inavyoshughulikia milio ya kifaa chenyewe. Isitegemewe bila kujaribiwa.

Jaribio la dakika moja

Jaribio lifanyike ofisini au nyumbani, kabla ya kuingia darasani. Vifaa vingi vya Android hunasa skrini kwa kubonyeza kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti kwa pamoja, kwa wakati mmoja. Weka kifaa mezani, kwa sababu kikiwa mkononi mtetemo hausikiki vizuri, kisha nasa mara tatu. Ukiona kioo kimemeta au picha ndogo imejitokeza pembeni bila sauti yoyote, umefanikiwa. Cheza na video fupi uhakikishe kwamba sauti ya hadithi bado ipo.

Kosa moja linajirudia hapa. Kidole kikitangulia kwenye kitufe cha sauti, kifaa hakinasi chochote, ila kinapunguza sauti ya muziki. Mwalimu anafikiri amenasa kimyakimya, na jioni hakuna picha. Kwa hiyo baada ya jaribio fungua mahali picha zinapohifadhiwa uzihesabu: ziwe tatu.

Kosa la pili linampata aliyetumia njia ya ukimya. Darasa limeisha, amesahau kurudisha mlio, na mzazi aliyepiga simu saa kumi kuhusu mtoto mgonjwa hakusikika. Kengele ya kuamsha italia, kwani ina mstari wake, lakini simu haitalia. Hivyo asiye na swichi maalumu ajiwekee mazoea ya kurudisha mstari wa mlio mara kengele ya mapumziko inapogongwa.

Kuna pia vifaa visivyokubali. Nchini Japani na Korea Kusini, simu huuzwa zikiwa na mlio wa kamera usiozimika, ili mtu asipigwe picha kwa siri. Katika baadhi ya simu hizo hata kunasa skrini hulia, na kuweka ukimya hakubadili kitu. Aliyenunua kifaa kilichotumika kutoka huko asipoteze siku nzima akitafuta swichi. Kurasa zake azinase nyumbani kabla ya kipindi. Kuchomeka spika za masikioni si tiba ya uhakika, kwani mlio wa lazima unaweza kutoka kwenye spika ya kifaa pia.

Mlio wa kamera ubaki

Hapa ndipo mzazi ana neno la kusema shuleni. Kunasa skrini hakumpigi mtoto picha: kinachohifadhiwa ni kile kilichoko kwenye kioo tu. Kwa hiyo kuuzima mlio wake hakumnyimi mtoto taarifa yoyote anayostahili. Kamera ni jambo lingine. Mlio wake unamwambia aliye mbele kwamba sura yake imechukuliwa, na darasani ni vizuri ubaki. Wakati wa kujaribu, piga pia picha moja ya kawaida ya ukuta usikie: katika vifaa vingi ukimya kamili unazima yote mawili, ilhali swichi ya kunasa skrini inaacha kamera ilie. Hiyo ni sababu nyingine ya kuitafuta swichi kwanza.

Hata picha ya skrini inaweza kubeba siri. Jedwali la alama likinaswa lote na kutumwa kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, kila mzazi anaona mtoto wa mwenzake amekwama wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa taarifa za watoto pia. Kabla ya kutuma, mwalimu akate picha ibaki safu ya mtoto mmoja, na aitume kwa mzazi wake tu. Na katika mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, simu haziruhusiwi kwa watahiniwa ndani ya chumba cha mtihani, ziwe zinalia au zimenyamaza.

Mzazi aliyesikia lalamiko la mwanawe anaweza kulimaliza kwa swali moja la heshima: "Mwalimu, ule mlio wa kishikwambi wakati wa kusoma, ni kamera au unanasa skrini?" Mwalimu akijibu kwamba ananasa skrini, mwombe amwonyeshe mtoto mwenyewe: anase mbele yake, kisha afungue picha. Mtoto ataona jedwali na herufi. Uso wake hatauona.