Mifereji inayobeba vitabu

Rafu iliyopigiliwa misumari tu ubavuni huanza kulegea vitabu vikishaongezeka, kwa sababu uzito wote unaning'inia kwenye misumari. Seremala makini huchimba mfereji unaokatiza ubao wa ubavu, rafu ikaketi ndani yake.

Kwa ubao wa milimita 18, kina cha milimita 6 kinatosha. Ukizidisha, ubavu unadhoofika. Upana ndio wenye kazi. Mbavu mbili hulazwa pamoja na kuchorwa kwa mkupuo mmoja, ili rafu zisiende upande. Mistari hukatwa kwa msumeno, kisha patasi huondoa mbao za katikati. Kipande cha rafu hujaribiwa: kiingie kwa kusukumwa na mkono. Kikihitaji nyundo, gundi itakwanguliwa yote wakati wa kuunganisha. Kikicheza, gundi haitaziba pengo.

Ukingo wa nyuma wa kila ubavu hukatwa ngazi ya kukalia plaiwudi ya milimita 6. Kabla gundi haijakauka, fundi hupima kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo visipolingana, hubana ule mrefu mpaka vilingane, ndipo apigilie plaiwudi, ambayo huzuia kabati kupinda.