Bei ya riyali kwenye Google Sheets: mbona hesabu ya Januari inabadilika yenyewe?

Wengi wetu hapa Riyadh na Jeddah tunaweka hesabu ya hawala kwenye simu, ndani ya Google Sheets. Tarehe, riyali ngapi, nyumbani zimefika shilingi ngapi. Halafu mtu mmoja kwenye kundi anakufundisha fomula inayoleta bei yenyewe:

```
=GOOGLEFINANCE("CURRENCY:SARKES")
```

Ukitaka ya Tanzania unaandika SARTZS, ya Uganda SARUGX. Inafanya kazi, na ni ya bure. Shida inaanza pale unapoizidisha na riyali ulizotuma na kuiacha hapo kama kumbukumbu.

Tuchukue mfano wa mwaka 2024. Mwishoni mwa Januari dola moja ilikuwa kama shilingi 160 za Kenya. Riyali imefungwa kwa dola, 3.75 kwa dola moja, tangu 1986, kwa hiyo gawanya 160 kwa 3.75: riyali moja ilikuwa kama 42.67. Aliyetuma riyali 1,500 siku hizo alikuwa anapeleka kama 64,000. Miezi miwili baadaye dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 131, yaani riyali ni kama 34.93, na riyali zilezile 1,500 zikawa kama 52,400.

Sasa, kama mstari wako wa Januari una fomula, siku hiyo ya Machi nao utasoma 52,400. Fomula haikumbuki Januari, inajua leo tu. Ndugu yako aliyepokea 64,000 akanunua mabati na saruji akakuletea risiti za 64,000, wewe unaona kwenye simu ulituma 52,400. Au kinyume chake: bei inapopanda, jedwali linaonyesha ulituma nyingi kuliko zilizofika, na unaanza kumshuku mtu ambaye hajachukua hata senti. Ugomvi wa namna hii hauna dawa rahisi, maana wote wawili mna ushahidi.

Dawa ya haraka ni kugandisha namba siku ileile unayotuma. Kwenye kompyuta nakili seli, kisha bonyeza Ctrl+Shift+V juu yake. Kwenye simu tafuta Paste special, halafu Paste values. Fomula inaondoka, namba inabaki, haitingishiki tena.

Umesahau kugandisha? Unaweza kuuliza bei ya siku iliyopita:

```
=INDEX(GOOGLEFINANCE("CURRENCY:SARKES","price",DATE(2024,1,29)),2,2)
```

Hiyo INDEX ipo kwa sababu bei ya zamani inakuja kama kijedwali chenye vichwa vya safu, na wewe unataka namba moja tu ndani yake. Siku nyingine utapata #N/A badala ya namba. Jaribu tarehe ya jirani, au tumia USDKES ugawanye kwa 3.75. Hesabu hiyo ya 3.75 ni kipimo kizuri wakati wowote: weka SARKES seli moja, USDKES gawanya 3.75 seli ya pembeni. Zikitofautiana kidogo sana, sawa. Zikiachana kwa shilingi nzima, mojawapo imelala, usiiamini siku hiyo.

Kulala kuna sababu zake. Google wenyewe wanasema bei inaweza kuchelewa hadi dakika 20. Kwa anayetuma mara moja kwa mwezi, dakika 20 si kitu. Kubwa zaidi ni wikendi. Soko la fedha la dunia hufungwa usiku wa kuamkia Jumamosi kwa saa zetu na kufunguka usiku wa kuamkia Jumatatu. Kwa hiyo Jumapili, sisi tumesharudi kazini na ofisi za hawala zimefungua, namba unayoiona ni ya Ijumaa usiku. Usikae unafungua na kufunga simu ukingoja isogee.

Na hiyo bei sio utakayopewa dirishani, hilo liwe wazi. Ni bei ya katikati ya soko. Mfano wa hesabu: Sheets inasema 34.40, kampuni inakupa 33.90, ada ni riyali 15. Juu ya ada kuna kodi ya VAT asilimia 15, yaani 2.25, jumla 17.25. Kwa riyali 1,500 nyumbani zinafika 50,850, wakati kwa bei ya katikati zingekuwa 51,600. Shilingi 750 zimepotea kwenye bei, kama riyali 21.80. Gharama yako halisi ni riyali 39 hivi, sio 17. Kwa hiyo weka safu mbili: bei ya Sheets, na bei iliyo kwenye risiti yako. Ya pili utaiandika kwa mkono, hakuna fomula inayoijua.

Kuna vitu vingine fomula haivijui kabisa. Hisa za Safaricom kwenye soko la Nairobi, hisa za CRDB au NMB pale Dar es Salaam, vipande vya UTT AMIS, hisa za sacco: usitegemee kuvipata. Utapata #N/A, au vibaya zaidi, ukiandika herufi bila kutaja soko, Google huchagua soko lenyewe, na unaweza kuletewa bei ya kampuni nyingine ya nchi nyingine. Kwa akiba ya namna hii mimi naona kuandika mwenyewe mara moja kwa mwezi kunatosha kabisa.

Skripti ina maana pale unapotaka kumbukumbu ya kila siku bila kufungua simu, maana jedwali likiwa limefungwa huwezi kutegemea fomula ijisasishe. Tengeneza ukurasa uitwao Bei, ingia Extensions, kisha Apps Script, ubandike hii:

```
function wekaBei() {
  const j = UrlFetchApp.fetch("https://open.er-api.com/v6/latest/SAR");
  const d = JSON.parse(j.getContentText());
  SpreadsheetApp.getActiveSpreadsheet().getSheetByName("Bei")
    .appendRow([new Date(), d.time_last_update_utc, d.rates.KES]);
}
```

Kwa Tanzania badilisha KES iwe TZS. Kisha bonyeza alama ya saa, Triggers, chagua Time-driven na Day timer, na muda unaotaka. Kila siku mstari mmoja unaongezeka, na ni namba kavu, haibadiliki. Safu ya pili inaonyesha bei ni ya lini. Chanzo hiki husasishwa mara moja kwa siku, kwa hiyo ukiona tarehe ileile siku tatu mfululizo ujue huko kumekwama.

Menyu ya Apps Script haipo kwenye programu ya simu. Tumia kompyuta ya rafiki (ukimaliza utoke kwenye akaunti yako), au fungua Chrome na kuchagua Desktop site. Mara ya kwanza Google itakuomba ruhusa na kukuonya kwamba programu haijathibitishwa. Kwa mistari hii michache uliyoibandika na kuisoma mwenyewe, kubali. Kwa skripti ndefu iliyotumwa WhatsApp na mtu usiyemjua, usikubali, maana ruhusa hiyohiyo inaweza kufungua mafaili yako na barua pepe.