SEMINA IMEKWISHA: TAARIFA YAKE IANDIKWE NAMNA GANI?



Mwaka 2020 Mkutano Mkuu wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), ambao hukutanisha serikali, waajiri na wafanyakazi mjini Geneva, uliahirishwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mwaka uliofuata ulifanyika kwa njia ya mtandao, kwanza mwezi wa Juni 2021, kisha sehemu ya pili kuanzia mwisho wa Novemba hadi Desemba. Wajumbe walisema wakiwa nchini mwao, kila mmoja mbele ya chombo chake. Tangu hapo semina za namna hii zimekuwa jambo la kawaida hata kwa sendika zetu za hapa Bujumbura. Mwanasheria yuko Nairobi, mwalimu yuko Brussels, na katibu wa tawi anawasikiliza akiwa Buyenzi na simu mkononi.

Lakini ni nani hasa aliyesikiliza? Aliyekuwa kwenye mashine zamu ya mchana hakusikiliza. Mchumaji wa chai wa Teza au Rwegura, na mkata miwa wa Moso, hakuwa na mtandao wala fedha ya kuununua. Kwa hao semina ni ile karatasi inayobandikwa ukutani au kusomwa kwa sauti wakati wa mapumziko. Karatasi ikiwa na kosa, basi semina yote kwao ina kosa. Ndiyo maana tunaeleza hapa jinsi taarifa hiyo inavyotengenezwa.

KAZI HUANZA KABLA YA SEMINA

Jambo la kwanza ni saa. Nairobi na Dar es Salaam wako mbele ya Bujumbura kwa saa moja. Semina iliyotangazwa Nairobi kuwa ni saa tisa alasiri, kwetu ni saa nane mchana. Geneva na Brussels wakati wa kiangazi chao wana saa moja nasi, na wakati wa baridi wako nyuma yetu kwa saa moja. Wengi wamekosa nusu ya kwanza ya semina kwa jambo hili tu, na nusu ya kwanza ndiyo yenye maelezo.

Jambo la pili ni waandishi. Wawe wawili, wala asiwe mmoja. Wa kwanza aandike kila tarakimu, mwaka, jina la sheria na mahali. Wa pili aandike maswali, majibu na ahadi. Mtu mmoja hawezi kuyafanya yote, kwa kuwa akiandika tarakimu moja, nyingine mbili zimekwisha mpita. Tena wakae mahali tofauti ikiwezekana, kwa sababu umeme ukikatika mtaa mmoja, mwingine huenda bado unao. Kila mtandao unapokatika, mwandishi aandike saa ulipokatika na saa uliporudi. Pengo hilo lazima lijulikane, lisije likajazwa kwa kukisia.

Wapo wanaosema: kwa nini tujisumbue, na semina imerekodiwa? Rekodi ya saa mbili hula fedha nyingi ya mtandao, na mfanyakazi aliyechoka hana saa mbili za kutafuta dakika tatu zinazomhusu. Rekodi kazi yake ni kuhakikisha neno lililosikika vibaya. Na kabla ya kuisambaza, waliosema waombwe ruhusa, hasa mfanyakazi aliyetaja shida za kiwandani kwake.

MAMBO MATATU YANATOSHA

Semina ikiisha, waandishi wakutane siku ile ile jioni, kabla ya kusahau. Waweke madaftari yao pamoja na wachague mambo matatu, au manne yakizidi sana. Kipimo cha kuchagua ni swali moja: mfanyakazi akisoma jambo hili, Jumatatu atafanya nini, atadai nini au ataangalia nini? Jambo lisilo na jibu la swali hilo linaweza kukaa katika daftari la tawi.

Kila jambo lililochaguliwa lielezwe uzito wake. Yapo mambo yaliyokwisha amuliwa, yapo yaliyopendekezwa, na yapo maoni ya msemaji peke yake. Haya matatu yakichanganywa, wafanyakazi watadai kama haki kitu ambacho bado ni pendekezo, na mwajiri atawacheka.

Mfano ni huu. Mwezi wa Juni 2022 Mkutano Mkuu wa ILO uliamua kwamba mazingira salama na yenye afya kazini yawe miongoni mwa haki za msingi za wafanyakazi. Mikataba miwili, namba 155 wa mwaka 1981 na namba 187 wa mwaka 2006, ikapandishwa daraja kuwa ya msingi. Mwandishi mwenye haraka angeandika: "ILO imetunga sheria mpya ya usalama kazini." Sivyo. Mikataba ilikuwapo tangu zamani. Kilichobadilika ni daraja lake. Kwa daraja hilo kila nchi mwanachama inabanwa kuheshimu kanuni zenyewe, hata kama haijaidhinisha mikataba hiyo. Mfanyakazi akijua tofauti hii anaweza kuitetea hoja yake mbele ya meneja. Asipoijua, ataulizwa sheria hiyo mpya ni namba ngapi, na atanyamaza.

MFANO WA MSHAHARA WA CHINI

Sasa tuchukue mfano wa kubuni tuufuate hatua kwa hatua. Tuseme tawi lilisikiliza semina juu ya mshahara wa chini. Katika daftari la mwandishi wa kwanza mmeandikwa hivi: "1988. Faranga 160. 105. Siku. Kodi mpya."

Mwandishi wa taarifa, akiwa na haraka, anaandika: "Msemaji alisema mshahara wa chini ni faranga 160 kwa mujibu wa kodi mpya." Sentensi hii fupi ina makosa manne, na kila moja lina madhara yake.

Kosa la kwanza ni kuacha neno "siku". Asiyejua anaweza kudhani ni kwa saa. Kosa la pili ni kuacha mahali. Kiwango kilichowekwa mwaka 1988 kilikuwa faranga 160 kwa siku mijini, Bujumbura na Gitega, na faranga 105 kwingineko. Mchumaji wa Teza akisoma 160 peke yake, atashika tarakimu isiyokuwa yake. Kosa la tatu ni kuchanganya mwaka. Kiwango hicho ni cha mwaka 1988, na kodi mpya ya kazi ni ile ya tarehe 24 Novemba 2020, iliyorekebisha ile ya mwaka 1993. Hivyo tarakimu haikutoka katika kodi hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo, kifungu cha sheria kikitajwa, mwaka wa kodi uandikwe pembeni yake, kwa maana namba za vifungu vya 1993 si zile za 2020.

Kosa la nne ndilo baya kuliko yote: sentensi haisemi kwamba hiki ni kiwango cha chini tu. Tupige hesabu. Faranga 160 kwa siku 26 ni faranga 4,160 kwa mwezi. Faranga 105 kwa siku 26 ni 2,730. Kila mama anayekwenda sokoni anajua kwamba fedha hiyo hailishi nyumba. Mwajiri na wafanyakazi wanaweza kupatana juu zaidi, na mapatano hayo hufuatwa. Tusipoandika hivyo, karatasi yetu wenyewe itakuwa silaha ya mwajiri: atasema sendika imekiri kwamba 160 yatosha.

Taarifa iliyosahihishwa isomeke hivi:

"Msemaji wa kwanza, mwanasheria, alieleza kwamba mwaka 1988 mshahara wa chini uliwekwa faranga 160 kwa siku Bujumbura na Gitega, na faranga 105 kwingineko. Hiki ni kiwango cha chini kabisa, hakizuii kupatana zaidi. Maoni yake ni kwamba kila tawi lipeleke madai yake kwa hesabu ya bei za sokoni. Hayo ni maoni, si uamuzi. Swali la vibarua wanaolipwa kwa kilo halikujibiwa. Msemaji aliahidi jibu kwa maandishi; katibu wa tawi atalifuatilia."

Kabla ya kuibandika, taarifa hiyo isomwe kwa msemaji mwenyewe kwa simu, au atumiwe kwa WhatsApp, aseme kama ndivyo alivyosema. Ni kazi ya dakika tano. Akisahihisha, sahihisho liingizwe. Asipojibu kwa siku mbili, taarifa itoke, ikiwa na maneno "haijapitiwa na msemaji". Wafanyakazi wasingojee wiki nzima.

SHUKRANI ZIKAE WAPI?

Desturi ya wengi ni kuanza na shukrani: mheshimiwa fulani, mheshimiwa fulani, mpaka nusu ya karatasi imekwisha. Msomaji aliyesimama mbele ya ukuta kwa dakika mbili huondoka na majina, bila ya semina. Basi shukrani ziwe mwisho, tena ziwe fupi na za kweli.

Shukrani ya kweli hutaja kilichotolewa. "Tunamshukuru mwanasheria kwa kutueleza tofauti ya viwango vya mijini na kwingineko" ni bora kuliko "tunamshukuru kwa hotuba yake nzuri sana", ambayo ingeweza kuandikwa hata na asiyesikiliza. Waandaaji washukuriwe kwa kazi waliyoifanya: kualika, kupanga saa, kulipia mtandao. Wasisahauliwe wale ambao hawakuonekana: aliyefasiri kutoka Kifaransa kwenda Kirundi na Kiswahili, na aliyewapa wenzake simu yake ili watu sita wasikilize pamoja. Mfanyakazi aliyetoa ushuhuda juu ya mwajiri wake ashukuriwe bila ya jina wala kiwanda, kwa kuwa shukrani yaweza kumfukuzisha kazi. Na mgeni aliyealikwa asifike, asishukuriwe kana kwamba alikuwapo.

BAADA YA KUBANDIKWA

Taarifa nzima isizidi ukurasa mmoja. Maneno mia nne husomwa kwa sauti kwa dakika kama nne hivi, na muda huo hupatikana katika mapumziko yoyote. Juu yake pawe na tarehe ya semina na tarehe ya kuandikwa, chini pawe na majina ya waandishi wawili ili wenye swali wajue wa kumwuliza.

Kosa likionekana baadaye, karatasi isiondolewe kimya kimya usiku. Ibandikwe nyingine pembeni yake, yenye tarehe, ikisema kilichokuwa kimeandikwa na kilicho sahihi. Na lile jibu lililoahidiwa likifika, au lisipofika, wafanyakazi waambiwe katika taarifa inayofuata. Mchumaji anayelipwa kwa kilo bado anangojea kujua.